Mifereji, birika na ufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hesabu za kujaza na kutoa maji

Wazazi na wanafunzi wa Mombasa huniuliza maswali yale yale kila muhula ukikaribia mitihani, nami nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja. Majibu yote yatatumia birika moja ili usilazimike kuanza upya kila mara.

Birika lenyewe ni la zege, liko uani nyuma ya nyumba ya kupangisha Majengo. Kwenda juu lina mita 1, upana mita 1.5, urefu mita 1.6, kwa hivyo huchukua lita 2,400. Mfereji A unatoka kwenye paipu ya mtaa na ukiwa peke yake hulijaza kwa saa 4. Mfereji B unatoka kwenye pampu ya kisima na hulijaza kwa saa 6. Chini kuna mfereji wa kutolea, tuuite C, ambao humaliza birika lililojaa kwa saa 4. Na kuna ufa. (Kwa wale watakaoniuliza nani anachanganya maji ya paipu na ya chumvi: haya ni ya kufulia na ya choo. Ya kunywa yana tangi lake.)

Kwa nini siwezi kujumlisha saa 4 na saa 6?

Kwa sababu utapata saa 10, yaani mifereji miwili inachelewa kuliko mmoja. Hata mtoto ambaye hajafika darasa la hesabu hiyo anajua kwamba ukimfungulia A msaidizi, birika halitachelewa. Wengine wanaliona hilo, kisha wanagawanya kwa 2 na kuandika saa 5. Hilo nalo halisimami: A peke yake anamaliza kwa saa 4, sasa inakuwaje akisaidiwa achukue 5?

Kinachojumlishwa ni kile kinachoingia ndani ya saa moja. A akijaza birika zima kwa saa 4, basi kila saa anatia robo, 1/4. B anatia 1/6. Wakiwa pamoja, kila saa birika linapata

1/4 + 1/6 = 3/12 + 2/12 = 5/12

Sasa geuza. Ikiwa kila saa inaingia 5/12, birika zima litachukua saa 12/5, yaani saa 2 na dakika 24. Jibu ni dogo kuliko 4, kama inavyotakiwa. Kabla ya kuendelea na swali lolote la mifereji miwili inayojaza, hakikisha jibu lako ni dogo kuliko muda wa ule wenye kasi zaidi. Likiwa kubwa, rudi ulikotoka.

Na tafadhali, 12/5 kwenye kikokotoo ni 2.4, lakini 2.4 si saa 2 na dakika 40. Hiyo 0.4 ni ya saa: 0.4 × 60 = dakika 24. Alama nyingi zinapotelea hapa, mwisho kabisa, baada ya kazi yote ngumu kufanywa sawasawa.

Mimi na sehemu hatupatani. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na mimi mwenyewe naipenda zaidi ikiwa mifereji ni zaidi ya miwili. Ligawe birika katika mafungu yanayogawanyika kwa kila muda uliotajwa. Tunazo 4, 6 na 4. Kigawe kidogo cha shirika ni 12. Basi sema birika lina mafungu 12.

A: mafungu 12 kwa saa 4, yaani 3 kila saa.
B: mafungu 12 kwa saa 6, yaani 2 kila saa.
C: anatoa mafungu 12 kwa saa 4, yaani 3 kila saa, lakini kwenda nje.

Basi. Sehemu zimeondoka, umebaki na namba nzima. A na B pamoja ni 5 kila saa, na 12 ÷ 5 ni 2.4, jibu lile lile.

Wengi huuliza kama ni lazima wajue birika linachukua lita ngapi. Si lazima. La kwetu ni lita 2,400, kwa hivyo fungu moja ni lita 200, lakini lingekuwa tangi la lita 10,000 na saa zikabaki zile zile, jibu lisingebadilika. Lita huhitajika swali likiuliza lita, au ukitaka kukagua jibu lako.

Swali linasema kuna ufa lakini halisemi unavuja kwa kasi gani. Naupataje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye utamu. Mtungaji hakwambii kasi ya ufa. Anakwambia namna ulivyochelewesha kazi, kisha anakuachia uutafute. Kwa kawaida swali huja hivi:

*Mfereji A hujaza birika kwa saa 4 na mfereji B kwa saa 6. Birika lilipopata ufa chini, mifereji yote miwili ilifunguliwa birika likiwa tupu, saa 12 asubuhi, nalo likajaa saa 3 asubuhi. Je, birika lililojaa litamalizwa na ufa huo kwa muda gani mifereji ikiwa imefungwa?*

Kwanza muda. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ni saa 3. Usitoe 3 kutoka 12 ukapata 9. Nimeona ikifanyika kwa mtoto hodari, na haikuwa kwa kutojua hesabu. Alikuwa na haraka tu. Hesabu kwa vidole ukipenda: kumi na mbili hadi moja, moja hadi mbili, mbili hadi tatu.

Sasa mafungu. Bila ufa, mifereji inatia mafungu 5 kila saa. Kwa ufa, birika la mafungu 12 limejaa kwa saa 3, kwa hivyo lilikuwa linapata mafungu 4 kila saa. Yaliingia 5, yakabaki 4. Fungu 1 lilikuwa linakwenda wapi? Ardhini. Basi ufa unatoa fungu 1 kila saa, na birika la mafungu 12 litakauka kwa saa 12.

Kwa sehemu, kazi hiyo hiyo inaandikwa hivi:

1/4 + 1/6 − 1/3 = 3/12 + 2/12 − 4/12 = 1/12

1/3 ni kile birika lilichopata kweli kila saa, na 1/12 ni ufa. Ukitaka kanuni ya kukariri: kasi ya ufa ni kasi iliyotarajiwa toa kasi iliyoonekana. Ila ukielewa habari ya maji ya kwenda ardhini, kanuni utaitunga mwenyewe kwenye chumba cha mtihani.

Mimi nilitoa saa 2 na dakika 24 kutoka saa 3, nikapata dakika 36. Kosa liko wapi?

Kutoa umetoa sawa. Dakika 36 ni kitu cha kweli. Tatizo ni kwamba ni jibu la swali jingine. Hizo ndizo dakika ambazo mifereji ililazimika kufanya kazi ya ziada kwa sababu ya ufa.

Tazama kilichotokea. Kwa saa 3, ufa ulitoa mafungu 3. Mifereji ikabidi iyarudishe. Kwa kasi ya mafungu 5 kila saa, kurudisha mafungu 3 kunachukua 3/5 ya saa, na 3/5 ya 60 ni 36. Ndiyo hizo. Hazisemi birika litakauka kwa muda gani. Ufa unaomaliza lita 2,400 kwa dakika 36 ungekuwa unatoa lita 4,000 kwa saa, na mifereji yako inayotia lita 1,000 kwa saa isingeweza hata kulowesha sakafu ya birika.

Huo ndio ukaguzi ninaowaambia wanafunzi wafanye: ikiwa birika lilijaa, basi ufa ni dhaifu kuliko mifereji. Muda wa ufa kulikausha birika lazima uwe mrefu kuliko saa 2 na dakika 24. Jibu lolote fupi kuliko hapo ni uongo wa wazi.

Mfereji wa kutolea na ufa vyote viko wazi. Navihesabu vipi?

Vyote viwili vina alama ya kutoa, basi. Hesabu haijali kama maji yametoka kwa ruhusa au kwa kuvuja. Tofauti ni moja tu, nayo ni ya kusoma swali: mfereji wa kutolea unaweza kufungwa, ufa haufungiki. Swali likisema "C alifungwa", ufa unaendelea. Wanafunzi husahau ufa mara tu mtungaji anapoacha kuutaja, naye huacha kuutaja kwa makusudi.

Birika letu likiwa na A, B, C na ufa vyote wazi: 3 + 2 − 3 − 1 = fungu 1 kila saa. Birika tupu litajaa kwa saa 12. Ona jinsi A na B, waliolijaza kwa saa 2 na kidogo, sasa wanahitaji mchana kutwa.

Je, B akifungwa? Basi ni 3 − 3 − 1 = −1. Hapa watu hushtuka, wanafuta. Usifute. Alama hiyo inasema maji yanapungua fungu 1 kila saa. Birika lililojaa litakauka kwa saa 12, lililofika nusu kwa saa 6, na lililo tupu litabaki tupu, kwa sababu hakuna maji ya kupunguza. Jibu la swali "litajaa baada ya muda gani?" ni kwamba halitajaa. Liandike hivyo hivyo kwa maneno, usiandike "saa −12".

Ikitokea sifuri, kwa mfano A na C peke yao katika birika jipya lisilo na ufa, maji yatabaki pale yalipokuwa ulipoifungua mifereji.

Mifereji ikifunguliwa nyakati tofauti nifanyeje?

Hapa pana swali zima ninalopenda kulitoa ubaoni, maana linakusanya yote yaliyotangulia.

*Birika ni tupu na lina ule ufa wetu. Saa 1 asubuhi mfereji A ulifunguliwa. Saa 2 asubuhi B ulifunguliwa. Saa 3 asubuhi wapangaji wakaanza kufua, C akafunguliwa na kuachwa wazi. Birika lilijaa saa ngapi?*

Usitafute kanuni moja ya kumeza siku nzima. Kila mara kitu kinapofunguliwa au kufungwa, kasi inabadilika, basi anza kipindi kipya.

Saa 1 hadi saa 2 ni A na ufa: 3 − 1 = 2. Mwisho wa saa hiyo birika lina mafungu 2.

Saa 2 hadi saa 3 ni A, B na ufa: 3 + 2 − 1 = 4. Sasa yamefika mafungu 6, nusu ya birika.

Kuanzia saa 3, C ameingia: 3 + 2 − 3 − 1 = 1. Yamebaki mafungu 6 ya kujaza, kwa fungu 1 kila saa. Saa 6 zaidi. Saa 3 asubuhi ongeza saa 6 ni saa 9 alasiri.

Angalia: nusu ya kwanza imejaa kwa saa 2, nusu ya pili kwa saa 6. Anayekadiria kwa macho asubuhi angesema kufikia saa 5 limekwisha kujaa.

Sasa ukaguzi, kwa lita, bila kupita njia ile ile. Uliza kila mmoja alifanya kazi saa ngapi kwa jumla. A alikuwa wazi kuanzia saa 1 hadi saa 9, saa 8, kwa lita 600 kila saa: lita 4,800. B saa 7 kwa lita 400: lita 2,800. Zimeingia lita 7,600. C alikuwa wazi saa 6 kwa lita 600: lita 3,600. Ufa ulivuja saa zote 8 kwa lita 200: lita 1,600. Zimetoka lita 5,200. Toa: 7,600 − 5,200 = 2,400. Birika limejaa, wala halijamwagika.

Njia hii ya ukaguzi ndiyo pia njia ya kujibu swali likiulizwa kinyume, kwa mfano "C alifunguliwa saa ngapi ikiwa birika lilijaa saa 9?" Saa za C ziite *x*, andika 4,800 + 2,800 − 600*x* − 1,600 = 2,400, utapata *x* = 6, kisha rudi nyuma saa 6 kutoka saa 9 alasiri.

Mifereji inafunguliwa kwa zamu, saa moja moja. Kuna mtego?

Upo, na ni mbaya. Chukua birika bila ufa. A anafunguliwa saa moja na kutia mafungu 3, kisha anafungwa, na mfereji wa kutolea unaomaliza birika kwa saa 6 unafunguliwa saa moja na kutoa mafungu 2. Halafu A tena, na kuendelea.

Kila saa 2 birika linapata fungu 1. Mafungu ni 12, basi saa 24? Hapana. Baada ya zamu 9 kamili, yaani saa 18, birika lina mafungu 9. Saa ya 19 ni ya A, naye anatia 3. 9 + 3 = 12. Birika limejaa kwa saa 19, kabla mfereji wa kutolea haujapata zamu yake.

Kwa maswali ya zamu, toa kwanza lile teke la mwisho la mwenye kujaza, hesabu zamu kamili kwa kile kinachobaki, kisha mrudishie teke lake.

Ufa ukiwa katikati ya ukuta na si chini, inabadilika?

Inabadilika sana, na swali zuri litakwambia ufa uko wapi. Maji hayawezi kutoka kwenye tundu ambalo hayajalifikia. Ufa ukiwa nusu ya kimo, A na B wakijaza birika tupu, mafungu 6 ya kwanza yanaingia kwa kasi kamili ya 5: 6 ÷ 5 = saa 1 na dakika 12. Mafungu 6 ya juu yanaingia ufa ukifanya kazi, kwa kasi ya 4: saa 1 na dakika 30. Jumla saa 2 na dakika 42, badala ya saa 3.

Na kwa upande wa kukauka, ufa huo hautalikausha birika kamwe. Utatoa mafungu 6 ya juu kwa saa 6, kisha utanyamaza. Nusu ya chini itabaki hadi mtu afungue C.

Lakini ufa wa kweli huvuja kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho?

Hauvuji hivyo. Mtihani unakutaka uchukulie kasi haibadiliki, na kwenye karatasi fanya hivyo. Mwanafunzi aliyeniuliza hili ana haki ya jibu la kweli, hata hivyo.

Maji yanasukumwa nje na uzito wa maji yaliyo juu ya tundu. Mwitalia Evangelista Torricelli alichapisha mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu yake, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata kimo hicho. Maji yakishuka hadi robo ya kimo, kasi inashuka hadi nusu, si robo.

Kwa birika letu lenye kuta zilizosimama wima na tundu sakafuni, linaloanza kwa lita 200 kila saa likiwa limejaa, matokeo yake ni kwamba litakauka kwa saa 24, si 12. Tena saa 12 za kwanza zitaondoa lita 1,800, na saa 12 za mwisho zitatoa lita 600 tu zilizobaki, kwa uvivu. Ndiyo maana mtu anayefungua mfereji wa chini kusafisha tangi huona yale maji ya mwisho hayaishi.

Mfereji wa kutolea ulio chini nao unafuata sheria hiyo hiyo. Mfereji wa kuingizia unaomwaga kutoka juu haubabaishwi na maji yaliyomo birikani, lakini unabadilika kwa nguvu ya paipu, na kwa maji yetu ya zamu hapa mjini hilo halihitaji maelezo.

Nataka kupima ufa wa birika langu mwenyewe nyumbani. Inawezekana kwa hesabu hizi?

Inawezekana, na vifaa ni mtungi wa lita 20, rula, penseli na saa.

Kasi ya mfereji wa kuingizia ipime kwa mtungi. Ukijaa kwa dakika 2, ni lita 10 kila dakika, lita 600 kwa saa. Huyo ni A wetu. Ukijaa kwa dakika 3, ni lita 400 kwa saa. Huyo ni B.

Ufa upime usiku, watu wamelala. Funga mifereji yote, pamoja na ile inayopeleka maji chooni. Hili la choo usilipuuze: tangi la choo linalovuja kimya kimya litakunywea maji usiku kucha, nawe utaulaumu ukuta wa birika bure. Chora mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofika. Tuseme umechora saa 4 usiku, ukarudi saa 10 alfajiri, maji yameshuka sentimita 5. Hizo ni saa 6.

Sasa eneo la birika: mita 1.5 kwa 1.6 ni mita za mraba 2.4, kwa hivyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 24. Sentimita 5 ni lita 120. Gawanya kwa saa 6: lita 20 kila saa. Kwa hesabu ya mtihani birika la lita 2,400 lingekauka kwa saa 120, siku 5. Kwa yale ya Torricelli, zaidi ya hapo. Lita 20 kwa saa ni mtungi mmoja kila saa, mitungi 24 kwa siku, na bei ya mtungi unaijua mwenyewe.

Birika likiwa halina kifuniko, weka kando yake ndoo iliyojaa maji, nayo uichore mstari. Kile kilichopungua kwenye ndoo kimechukuliwa na hewa. Kitoe kwenye kipimo cha birika kabla ya kuzidisha kwa 24.

Kisha acha maji yashuke siku kadhaa bila kufungua mfereji wowote, ukichora mstari kila asubuhi. Mistari ikisogeleana kisha ikasimama mahali pamoja, umepata kimo cha ufa: uko pale pale maji yalipogoma kushuka, au chembe juu yake. Mwite fundi na mwonyeshe mstari huo, atajua pa kuanzia kukwangua. Yakishuka hadi sakafuni, ufa uko chini kabisa, au kwenye kiungo cha paipu ya kutolea, na hapo ndipo mimi ningeangalia kwanza.